Diski Moja Haitumikii Kazi Mbili

Ndugu wahariri, ninyi mnaokesha na video za harusi, za maulidi, za mikutano ya injili na za mahafali, neno langu kwenu ni moja, na nitalirudia mpaka liwaingie: diski ya kuhifadhia si diski ya kuhariria. Wahenga walituachia onyo kwamba mshika mbili moja humponyoka, nasi tumelisikia tangu utotoni, lakini tazameni mezani kwenu. Kuna eksteno moja tu, imejaa kazi za miaka mitatu. Juu ya kazi hizo mmerundika harusi ya Jumamosi. Humo humo programu inaandika faili zake za muda, humo humo mnatoa video ya mwisho, na humo humo ndimo ilimo nakala pekee ya kumbukumbu ya watu waliowaamini. Picha ikianza kukwamakwama mnailaumu laptopu, na wengine mnakwenda kukopa ili mnunue nyingine. Nawasihi, kabla hamjatia sahihi mkopo huo, nipeni masikio yenu.

Nitasema na mhariri wa harusi, maana mzigo wake ndio mzito kuliko wa wengi, na anayeubeba huo ataweza kubeba mingine.

Hesabuni mzigo kabla ya kununua chombo

Chukueni harusi moja ya Tanga. Ibada kanisani imekwenda saa mbili, na ukumbini shughuli imekwenda saa tano. Kamera ya kwanza ilisimama kwenye stendi yake saa zote saba. Ya pili ilirekodi saa sita. Ya tatu, ile inayozunguka kati ya meza na kufuata vigelegele, ilirekodi saa nne. Jumla ni saa 17 za video. Kamera zote zimewekwa 4K, picha 25 kwa sekunde, kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde, ambacho ni kiwango cha kawaida kwa kamera nyingi za kazi hii.

Sasa hesabuni pamoja nami. Megabiti nane hufanya megabaiti moja, basi megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kila sekunde, na kwa saa nzima ni gigabaiti 45. Zidisheni kwa saa 17: ni gigabaiti 765. Hiyo ni harusi moja tu, kabla hamjagusa chochote. Mkitengeneza proksi, yaani zile nakala nyepesi za kuhariria, kwa ProRes Proxy ya ukubwa wa 1920 kwa 1080, kila saa itakula gigabaiti 17 hivi, na saa 17 zitakula kama 290. Mmeshafika gigabaiti 1,055, na video ya mwisho bado haijatoka.

Kwa hiyo anayekwenda dukani kununua diski ya terabaiti 1 kwa kazi hii amekwisha kushindwa kabla ya kuanza. Tena Windows itamwonyesha 931 badala ya 1,000, kwa kuwa inahesabu kwa 1,024 na mtengenezaji anahesabu kwa 1,000. Harusi yenu inataka terabaiti 2, ili ikikaa humo ibaki nafasi ya kupumua. Diski iliyojaa pomoni huenda polepole, iwe ya aina gani. Acheni walau sehemu moja kati ya tano ikiwa tupu, daima.

Kwa nini eksteno ya kawaida inakwama

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, kwa hiyo nitakaa hapa. Mhariri anaweka kamera tatu sambamba kwenye taimulaini ili achague pembe anayoitaka. Kamera tatu kwa megabaiti 12.5 zinadai megabaiti 37.5 kwa sekunde. Anaipima eksteno yake ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka ndani, na kipimo kinamwambia megabaiti 120 kwa sekunde. Anasema moyoni: ninayo mara tatu ya ninachohitaji, basi tatizo si diski. Ndugu yangu, kipimo hakikusema uongo. Wewe ndiwe uliyekiuliza swali lisilohusu kazi yako.

Hizo megabaiti 120 ni za kusoma faili moja ndefu, mfululizo, bila kuruka. Lakini taimulaini yako haisomi faili moja. Inasoma kidogo cha kamera ya kwanza, inaruka kwenda kamera ya pili, inaruka kwenda ya tatu, inaruka kwenda sauti ya kinasa sauti kilichokuwa mezani kwa mshereheshaji, inaruka kwenda muziki, kisha inarudi kuandika faili za muda, halafu inaanza upya. Na kila mruko katika diski ya sahani ni safari ya chuma. Kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, nao lazima usogee mpaka kwenye mstari unaotakiwa, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kipande kinachotafutwa kipite chini yake. Ni kama karani mmoja wa masjala anayetakiwa kusoma majalada matatu kwa wakati mmoja, kila jalada likiwa chumba chake: si kwamba hajui kusoma, muda wake unaishia koridoni.

Tuiweke korido hiyo kwenye hesabu. Sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11, na kwa wastani kichwa husubiri nusu yake, kama 5.6. Mkono wenyewe kusogea huchukua kama milisekunde 12. Kila mruko basi unagharimu karibu milisekunde 18 ambazo hakisomwi kitu. Ikiwa baada ya kila mruko diski inasoma nusu megabaiti, usomaji wenyewe unachukua milisekunde 4 tu. Jumla ni milisekunde 22 kwa nusu megabaiti, na hiyo ni megabaiti 22 au 23 kwa sekunde. Kamera zinadai 37.5. Diski iliyokuambia 120 sasa inakupa 23, na picha inaganda mbele ya macho yako wakati bibi harusi anaingia ukumbini!

Na bado haijafika mwisho wa mashaka yake. Diski ya sahani huanza kujaa kutoka ukingo wa nje, ambako mzunguko mmoja hupitisha data nyingi. Kadiri inavyojaa, inahamia ndani, na kasi yake hushuka hadi karibu nusu. Ndiyo maana eksteno ileile iliyowafurahisha mwezi wa kwanza inawatesa mwaka wa pili, na ninyi mnadhani programu ndiyo iliyobadilika.

SSD haina mkono, haina sahani, haina cha kusogea. Mruko wake ni sehemu ndogo sana ya milisekunde. Kwa kazi ileile ya kuruka na kusoma nusu megabaiti, SSD ya kawaida yenye megabaiti 450 kwa sekunde bado hubaki na zaidi ya 400. Hii ndiyo sababu nasema kwa sauti yangu yote: haririni kwenye SSD, hifadhini kwenye sahani. Kila chombo na kazi yake.

Msinunue kasi msiyoihitaji, wala msinunue uongo

Mtaniambia: SSD ni ghali. Ndiyo, kwa kila terabaiti ni ghali kuliko diski ya sahani. Ndiyo maana mnahitaji moja tu, na mtaitumia tena na tena. Harusi ikikabidhiwa, inahamia kwenye diski ya sahani, na SSD inafutwa kwa ajili ya harusi inayofuata. Anayejaza SSD kazi za zamani anatupa fedha yake mara mbili.

Wala msidanganywe na namba kubwa kwenye boksi. SSD ya megabaiti 500 kwa sekunde inabeba kamera zenu tatu zaidi ya mara kumi. Hata mkigeuza video zote kuwa ProRes 422 ya 4K, ambayo inakula kama megabaiti 61.5 kwa kila kamera, kamera tatu zitadai 185 hivi, na bado inazibeba. Fedha ambayo mngeiweka kwenye diski ya megabaiti 2,800 iwekeni kwenye ukubwa, na kwenye diski ya pili ya nakala. Huo ndio uwekezaji.

Lakini kuna jambo moja kwenye SSD ambalo mnapaswa kulijua. Nyingi za bei nafuu hupokea data kwa haraka kwenye sehemu ndogo ya mbele, kisha sehemu hiyo ikijaa, kasi ya kuandika huporomoka, wakati mwingine mpaka chini ya diski ya sahani. Hii huonekana zaidi kwa zile zinazotumia seli za aina ya QLC, zinazobana biti nne katika seli moja; zile za TLC, zenye biti tatu, hustahimili zaidi. Kusoma hakuathiriki hivyo, kwa hiyo kukata na kupanga kutakwenda vizuri. Utaumia unapotengeneza proksi au unapohamisha harusi nzima. Namna ya kugundua ni rahisi. Siku unayoinunua, ikopie gigabaiti 200 kutoka diski nyingine yenye kasi, na usiondoe macho kwenye namba ya kasi. Ikianza 450 na ikabaki hapohapo, shukuru. Ikianza 450, na baada ya gigabaiti 60 ikashuka mpaka 80, umeijua tabia yake, na muuzaji akikubali, irudishe.

Na ole wake anayenunua SSD ya terabaiti 16 kwa bei ya chakula cha mchana! Zimejaa Kariakoo, zimejaa Luthuli, zimejaa mitandaoni. Ndani yake mara nyingi kuna kadi ndogo ya kumbukumbu iliyobandikwa gundi, na programu yake ya ndani imefundishwa kuitangazia kompyuta ukubwa usiokuwepo. Itapokea faili zako zote bila kulalamika. Majina yatakuwepo, ukubwa utaonekana, lakini ikipita mpaka wake wa kweli inaandika juu ya data ya mwanzo au haiandiki kabisa. Utaligundua hilo wiki mbili baadaye, kadi za kamera zikiwa zimeshafutwa. Dawa ni kuijaza diski mpya yote kwa data ya majaribio na kuisoma tena kabla ya kuiamini: kwenye Windows tumieni H2testw, kwenye Mac au Linux tumieni F3. Inachukua saa kadhaa. Iacheni usiku ifanye kazi, asubuhi mtajua mmenunua nini.

Kebo ndiyo mtego wa waliokwisha kununua vizuri

Wapo waliosikia maneno haya, wakanunua SSD halisi, na bado kazi inakwama. Kamba hukatikia pabovu, nanyi mmesahau kutazama kamba. Umbo la tundu halitoi kasi. Kebo ya USB-C iliyokuja na chaja ya simu au ya laptopu huingia kwenye SSD bila shida, taa inawaka, folda zinafunguka, lakini nyingi za kebo hizo ndani yake ni USB 2.0. Hiyo ni megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, na kwa kweli ni megabaiti 35 hadi 40. Kumbukeni kamera zenu zinadai 37.5! SSD ya fedha nyingi imegeuzwa kuwa mbaya kama eksteno mliyoikimbia.

Dalili yake haifichiki: mkikopi faili moja kubwa na kasi ikaganda karibu na megabaiti 40, haipandi wala haishuki, hiyo ni kebo au tundu, si diski. Kuhamisha harusi yetu ya gigabaiti 765 kwa kasi hiyo kungechukua zaidi ya saa tano. Kwa megabaiti 400 ni kama nusu saa. Kwenye Mac fungueni System Information, nendeni sehemu ya USB, na someni kasi iliyoandikwa kwenye diski yenu: ikisema 480 Mb/s, badilisheni kebo sasa hivi. Ikisema 5 Gb/s au 10 Gb/s, mko salama. Kwenye laptopu zenye matundu ya zamani, lile la buluu kwa kawaida ndilo la 5 Gb/s. Chomekeni diski moja kwa moja kwenye laptopu, msipitie kigawanyio cha matundu manne ambacho pia kimebeba kipanya, kibodi na simu inayochajiwa. Kisha kebo iliyokuja na SSD ifungeni utepe wenye rangi, na asiichukue mtu yeyote kuchajia simu yake.

Folda: kila kadi na nyumba yake

Sasa diski ni njema na kebo ni njema. Msiitie vurugu. Nawaona wanaofungua kadi, wakachagua faili za MP4 wanazozipenda, wakazimwaga zote kwenye folda moja inayoitwa MPYA, kisha MPYA 2, kisha MPYA YA MWISHO. Huko ni kujichimbia shimo, na nitawaonyesha kina chake.

Kamera nyingi hutaja faili zake kwa namba tu. Kamera za Sony, kwa mfano, huandika C0001.MP4, C0002.MP4, na kuendelea. Kadi ya kwanza ya kamera ya kwanza inaweza kuwa na C0001.MP4, na kadi ya kwanza ya kamera ya pili vilevile. Mkizimwaga pamoja, kompyuta itawauliza kama mnataka kufuta ya zamani, na mkono uliochoka saa nane usiku utabonyeza ndiyo. Hata zikiokoka, siku diski itakapohama na programu ikapoteza njia, itatafuta faili kwa majina, na inaweza kuunganisha C0001.MP4 ya kamera isiyo yake. Mtaona kwaya inaimba mahali ambapo mchungaji anapaswa kuwa anahubiri.

Basi kila kadi ipewe folda yake, na ikopiwe nzima kama ilivyo, pamoja na folda yake ya PRIVATE na vifaili vidogo msivyovijua. Vifaili hivyo vina kazi. Katika kamera zinazorekodi kwa AVCHD, rekodi moja ndefu ya ibada hukatwa vipande vipande, na ni mpangilio wa folda unaoiambia programu kwamba vipande hivyo ni kitu kimoja. Mkivitoa nje ya nyumba yao, mtasikia sauti ikikatika kidogo kila kipande kinapoungana, na hamtajua imetoka wapi.

Mpangilio wenyewe ni huu, uandikeni ukutani:

```
2025-08-16_HARUSI_TANGA
  01_MRADI
  02_VIDEO
    KAM_A
      A_KADI01
      A_KADI02
    KAM_B
      B_KADI01
    KAM_C
      C_KADI01
  03_SAUTI
  04_MUZIKI
  05_MICHORO
  06_PROKSI
  07_TOLEO
```

Tarehe inatangulia kwa mwaka, mwezi, siku, ili harusi zijipange zenyewe kwa mfuatano. Majina hayana nafasi tupu wala alama za ajabu, kwa kuwa diski hii itapita kwenye kompyuta mbalimbali na si zote zinazozisoma sawa. Namba za mbele zinashikilia mpangilio usibadilike. Msiongeze matabaka kumi ya folda ndani ya folda. Windows ina programu ambazo bado hushindwa kusoma njia inayozidi herufi 260. Tengenezeni folda hizi zikiwa tupu mara moja, mzihifadhi, na kila harusi mpya ikianza mnakopi mfano huo na kubadilisha jina la juu.

Wenye Windows wana jambo moja zaidi. Leo diski imepewa herufi E, kesho kuna flashi imechomekwa kwanza na diski imekuwa F, na mradi wote umegeuka mwekundu ukiandika Media Offline. Fungueni Disk Management, ipeni SSD yenu ya kazi herufi moja ya kudumu iliyo mbali, K kwa mfano, na fadhaa hiyo imekwisha.

Kache haina nafasi katika nyumba hii

Mmeona kwamba katika mpangilio huo hakuna folda ya kache. Ni kwa makusudi. Programu ya kuhariri, mkiiingizia saa 17 za video, hutengeneza mamia ya vifaili: vya mawimbi ya sauti, vya sauti iliyobadilishwa, vya vipande vilivyokwisha kurendwa. Inaviandika na kuvisoma kila sekunde mnapofanya kazi. Mkiviacha kwenye diski ileile yenye video, mmemrudishia karani yuleyule safari nyingine za koridoni, na kwenye diski ya sahani huo ndio mzigo unaoivunja mgongo.

Pelekeni kache kwenye SSD ya ndani ya laptopu, mradi ina walau gigabaiti 100 tupu. Katika Premiere Pro ziko sehemu mbili, na wengi huijua moja tu. Ya kwanza ni Media Cache ndani ya Preferences. Ya pili ni Scratch Disks ndani ya Project Settings, inayoamua mahali pa faili za onyesho zilizorendwa. Katika DaVinci Resolve nendeni Project Settings, Master Settings, sehemu ya Working Folders. Kama laptopu yenu haina nafasi ndani, kache ikae kwenye SSD ya kazi, ila katika folda yake nje ya folda ya harusi. Kache ni kitu cha kutupwa: programu itaitengeneza upya wakati wowote. Siku ya kuhifadhi hamtaki gigabaiti 80 za takataka zisafiri pamoja na kumbukumbu za watu.

Mpime kabla ya kulaumu

Nimeinyoshea kidole diski muda wote huu, lakini haki inanidai niseme kwamba si kila kukwama ni kwa diski. Chezeni sehemu inayokwama, na wakati inacheza fungueni Task Manager kwenye Windows, ukurasa wa Performance. Tazameni diski yenye video. Kama muda wake wa kazi umegota asilimia 100 na prosesa iko 30, diski ndiyo inayokwamisha, na yote niliyosema yanakuhusu. Lakini kama diski iko asilimia 8 na prosesa iko 100, hata SSD ya bei ya gari haitakusaidia.

Hapo mkosaji ni namna video ilivyobanwa. H.264, na zaidi H.265, haihifadhi kila picha nzima. Huhifadhi picha moja kamili, kisha mabadiliko tu kwa picha nyingi zinazofuata. Faili inakuwa ndogo na diski inafurahi, lakini kila unaporuka katikati, prosesa inapaswa kurudi kwenye picha kamili ya nyuma na kujenga upya mpaka ilipofika. Kamera tatu ni kazi hiyo mara tatu. Dawa yake ni proksi. Zitengenezeeni kamera zote tatu kabla ya kuanza kukata, ziende folda ya 06, na muache kompyuta ifanye hivyo mkiwa mmelala. ProRes Proxy ile ya gigabaiti 17 kwa saa inadai kama megabaiti 5 tu kwa sekunde kwa kila kamera, na kila picha yake imesimama peke yake. Programu itarudi kwenye video halisi wakati wa kutoa toleo la mwisho, na ubora haupungui hata chembe.

Na sasa wito wangu

Diski ya sahani haina aibu. Ina mahali pake. Nunueni mbili kubwa, hapo bei kwa terabaiti ni rafiki. Usiku wa harusi, kila kadi ikopiwe mara mbili: mara moja kwenye SSD ya kazi, mara moja kwenye diski ya sahani ya kwanza. Msikopi kwa kuburuta na kuamini. DaVinci Resolve, hata toleo la bure, lina Clone Tool katika ukurasa wa Media. Hukopi kadi na kulinganisha nakala na asili mpaka biti ya mwisho. Kadi isiformatiwe mpaka nakala zote mbili zimethibitishwa. Kadi isiformatiwe! Hata kama kesho kuna kazi nyingine, nunueni kadi nyingine.

Diski zenu zipangeni ziendane na mahali pa kazi. Mnaotumia Windows tu, formatini NTFS. Mnaotumia Mac tu, SSD iwe APFS. exFAT itumieni pale tu diski inapolazimika kupita kwenye Windows na Mac, na mjue kwamba haina daftari la kumbukumbu za mabadiliko: ikichomolewa ghafla ikiwa katikati ya kuandika, folda nzima inaweza kupotea. Umeme wetu mnaujua. Diski kubwa za mezani zenye adapta yake huzimika umeme ukikatika, na SSD inayolishwa na laptopu inaendelea kuwaka. Hiyo nayo ni sababu ya kuhariri kwenye SSD. Na popote mlipo, bonyezeni Eject kabla ya kugusa kebo.

Wateja wakishapokea video na kuridhika, futeni folda ya 06, safisheni kache, hamisheni folda nzima ya harusi kwenye diski ya sahani ya kwanza na ya pili, na moja kati ya hizo ikakae nyumba nyingine. Ufungueni mradi kutoka huko mara moja mhakikishe hakuna kilichogeuka chekundu. Ndipo mfute SSD.

Basi msingoje harusi ijayo iwaadhibu. Leo hii, chomekeni diski mliyo nayo, kopini faili moja kubwa na msome kasi yake. Hamisheni kache itoke humo. Tengenezeni folda saba tupu mzihifadhi kama mfano. Hayo hayagharimu shilingi hata moja, na yatawaonyesha kama mnahitaji kununua SSD, au kebo, au hamhitaji kununua kitu. Kisha fedha ikipatikana, ya kwanza iende kwenye SSD ya terabaiti 2, ya pili kwenye diski ya nakala, na laptopu mpya ije baada ya hizo, kama Task Manager itakuwa bado inaidai.